Siku 6 zimevuka VaR na nilitarajia 2 au 3: modeli tuitupe?

> Asalaam aleikum mwalimu. Nafanya hesabu za riski kwa duka la foreksi hapa Mombasa, kila jioni tunalala na kama dola 500,000. Modeli yangu ni VaR ya siku moja, 99%, naitoa kwa data ya siku 250 za nyuma. Nimefanya bektesti, yaani kuipima modeli kwa siku zilizopita, Julai 2023 mpaka Juni 2024, siku 250, nikapata siku 6 ambazo hasara ilivuka VaR na nilitarajia 2 au 3. Nne kati ya hizo ni Februari, siku nne mfululizo. Bosi asema modeli ni bure tuitupe. Mwenzangu asema niipandishe iwe 99.9% zitapungua. Mimi nataka kuzitoa zile za Februari manake haikuwa hali ya kawaida, nibaki na 2. Nani yuko sawa?

Wa aleikum salaam ndugu yangu. Nikwambie jibu kwanza halafu tuingie ndani: hakuna aliye sawa kati yenu watatu, ila bosi wako ndiye aliye karibu zaidi na ukweli, ingawa sababu aliyoishika siyo. Hiyo 6 peke yake haitoshi kuitupa modeli. Kinachoitia doa ni zile nne kukaa mfululizo, na hizo ndizo wewe unataka kuzifuta.

Tuanze na hiyo 2 au 3 uliyotarajia manake hapo ndipo watu wengi wanapotelezea. VaR ya 99% ikikwambia leo jioni kwamba mstari wa kesho ni shilingi 120,000, inasema hivi: nafasi 99 kati ya 100 hasara ya kesho haitapita hapo, na nafasi 1 kati ya 100 itapita, na ikipita sijui itapita kwa kiasi gani. Yaani modeli yenyewe imeshakubali kuvukwa, siku moja katika kila siku mia. Ukizidisha siku 250 kwa 0.01 wapata 2.5. Bosi anaisoma hiyo 2.5 kama kikomo, kwamba ikizidi hapo basi modeli imevunja ahadi, lakini 2.5 ni wastani tu, na wastani una huku na huku yake.

Chukua modeli ambayo ni sahihi kabisa, haina kosa lolote, uiendeshe miaka 100 na kila mwaka uwe na siku 250. Miaka kama 26 utapata siku 2 za kuvuka. Miaka kama 8 hutapata hata moja. Miaka kama 11 utapata 5 au zaidi, na modeli ni ileile, haijakosea kitu, ni bahati tu ya mwaka. Sita au zaidi zitakuja miaka kama 4. Hesabu hizi unaweza kuzitoa mwenyewe kwenye Eksel, huna haja ya programu nyengine:

```
=1-BINOM.DIST(5,250,0.01,TRUE)
```

Itakupa 0.041, yaani nafasi ya kupata 6 au zaidi. Hiyo 5 ndani ya mabano si kosa, fomula inahesabu kuanzia 0 mpaka 5 halafu wewe unatoa kwenye 1 ili ubaki na 6 kwenda juu. Mtu akiweka 6 pale anapata nafasi ya 7 na zaidi, na anaona modeli yake imeharibika kuliko ilivyo.

Sasa hiyo 4 kati ya 100 uisome vizuri, tafadhali, manake nimeona ripoti nyingi zimeandikwa kinyume. Haisemi kwamba modeli yako ina nafasi ya 4% ya kuwa nzuri. Inasema kwamba *ikiwa* modeli ni nzuri, mwaka kama huu wako hutokea mara 4 kati ya 100. Ni jambo la kukufanya uinue kichwa, siyo jambo la kukata kesi. Mtihani wa Kupiec, ule wa 1995 unaotumika sana kwa kazi hii, kwa siku 250 na 99% hauikatai modeli mpaka zifike 7. Na Kamati ya Basel, ile ya wasimamizi wa mabenki wa kimataifa, mwaka 1996 ilipoweka utaratibu kwa mabenki iligawa kwa rangi tatu: 0 mpaka 4 ni kijani, 5 mpaka 9 ni njano, 10 na kuendelea ni nyekundu. Wewe uko njano. Maana ya njano siyo kosa, ni kwamba benki yapaswa kueleza zile siku moja moja zimetoka wapi, na isipokuwa na maelezo mazuri inaongezewa mzigo wa mtaji (kwa 6, kile kizidisho chao kinatoka 3 kwenda 3.5). Utaratibu huo haukuandikiwa duka la foreksi, lakini hekima yake utaitumia vilevile: ukiwa katikati, nenda kaangalie siku zenyewe.

Na kuna upande wa pili ambao bosi akiujua atakuwa mkali zaidi. Tuseme modeli ni mbovu, inajiita 99% lakini kwa kweli ni 98%, yaani inavukwa mara mbili ya inavyodai. Hiyo modeli mbovu kwa siku 250 ina nafasi kama 44 kati ya 100 ya kupata 4 au chini yake na kupita kijani bila mtu kuuliza swali. Kwa hivyo kuhesabu siku za kuvuka kwa mwaka mmoja kwenye 99% ni kipimo dhaifu, kinanasa modeli zilizooza na kuziacha zilizoanza kuharibika. Duka jengine likikwambia sisi tuna 2 tu, mwaka mzima, usione wamekushinda.

Kabla hatujaenda Februari nataka kujua kama hiyo 6 ni 6 kweli. Sijaiona karatasi yako, lakini kazi ya foreksi ina mitego miwili ambayo hubadilisha hesabu hii, yote miwili hupunguza siku za kuvuka na wewe unafurahi bure, na wa kwanza ndio naushuku zaidi kwako.

Faida na hasara uliyolinganisha na VaR umeitoa wapi? Kama umeitoa kwenye kitabu cha siku cha duka, basi ndani yake kuna faida ya kaunta, ile tofauti ya bei ya kununua na kuuza mnayoipata kwa kila mteja anayeingia. VaR yako haijui chochote kuhusu wateja. Yenyewe inasema tu: dola 500,000 zimelala, bei ikigeuka usiku mpaka kesho tutapoteza kiasi gani. Sasa tuseme VaR ilikuwa 120,000 na dola zilizolala zimekupoteza 150,000, hiyo ni siku ya kuvuka, hakuna mjadala. Lakini siku hiyo kaunta imeingiza 60,000, kitabu kinaonyesha hasara 90,000, wewe unaandika sifuri. Siku imefichwa. Ukifanya hivi mwaka mzima biashara nzuri ya kaunta inaificha modeli mbaya, na siku wateja wakipungua siku za kuvuka zinaongezeka ghafla na hujui kwa nini.

Dawa yake ni kuhesabu hasara safi: dola zilizolala jana jioni, zidisha kwa tofauti ya bei ya leo na bei ya jana, basi. Usiweke faida ya kaunta, usiweke ada, usiweke dola mlizouza saa nne asubuhi, jifanye pozisheni ya jana jioni imekaa vilevile bila kuguswa. Na bei iwe ya chanzo kimoja, saa ileile kila siku. Hapa kama unatumia bei ya wastani ya Benki Kuu uwe makini na data ya nyuma, dirisha lako, zile siku 250 za nyuma, linarudi mpaka katikati ya 2022, na mwanzoni mwa 2023 bei ya Benki Kuu na bei ambayo mabenki yalikuwa yanauzia dola zilikuwa zimeachana waziwazi. Ukichanganya vyanzo viwili katikati ya safu, siku ya kubadilisha chanzo itaonekana kama bei imeruka na haikuruka.

Mtego wa pili ni wa mistari ya Eksel. VaR ya Jumatatu jioni inalinganishwa na matokeo ya Jumanne. Watu wanaweka VaR na hasara kwenye safu moja ya tarehe moja, halafu VaR ya Jumanne iliyotolewa Jumanne jioni, ambayo imeshaiona hasara ya Jumanne, ndiyo wanaipima kwa hasara hiyohiyo. Hapo modeli inajibu mtihani ikiwa na majibu mkononi. Kuigundua ni rahisi, tafuta siku yenye hasara kubwa kabisa utizame VaR iliyo kando yake, kama imepanda siku hiyohiyo badala ya siku ya pili yake, basi umechanganya. Kama safu B ni dola za jioni, C ni bei na D ni VaR iliyotolewa jioni hiyo, basi kwa mstari wa 3 alama ya kuvuka iwe hivi:

```
=IF(B2*(C3-C2)<-D2,1,0)
```

Tizama B na D zote ni za mstari wa 2, ni bei peke yake inayoingia mstari wa 3. Buruta mpaka chini, jumlisha. Sitashangaa ukitoka na 8 au 9 badala ya 6, na kama ni hivyo mjadala wote na bosi umebadilika kabla hata hatujafika Februari.

Haya, Februari 2024. Nafurahi umeuliza manake mwezi huu kwa mtu yeyote aliyekuwa anashika dola Kenya ni darasa zima.

Kumbuka dirisha la modeli yako lilikuwa limeona nini mpaka hapo. Mwaka mzima wa 2023 shilingi ilikuwa inateremka, kidogo kidogo, karibu kila siku, upande mmoja, mpaka Januari 2024 dola ikafika kama 160. Kwa mtu aliyelala na dola hizo zote ni siku za faida. Modeli yako inachukua siku 250 za nyuma, inazipanga kuanzia hasara kubwa, na kwa 99% inachora mstari pale kwenye siku ya tatu kwa ubaya. Lakini siku za hasara zenyewe zilikuwa chache na ndogo mno, kwa hivyo siku ya tatu kwa ubaya ilikuwa kitu kidogo sana. Modeli haikusema dola haina riski, ilisema tu mimi sijaona dola ikianguka. Halafu Februari serikali ikapata mkopo mpya wa Yurobondi wa dola bilioni 1.5 ili kununua sehemu ya ule wa zamani uliokuwa unakomaa Juni, mwezi huohuo Benki Kuu ikapandisha riba yake mpaka 13%, hofu ya dola kuadimika ikatoka, na waliokuwa wamezificha wakaanza kuzimwaga. Mwisho wa Machi dola ilikuwa chini ya 135.

Sasa kwa nini nne mfululizo, kwa nini siyo moja na modeli ikaamka? Hapa nataka twende polepole, nambari nitazichagua ziwe rahisi lakini njia ndiyo hiyo ya modeli yako. Dola zako ni shilingi milioni 80 hivi kwa bei ya 160. Tuseme siku tatu mbaya kabisa ndani ya dirisha zilikuwa kushuka kwa 0.30%, 0.20% na 0.15%. Mstari wako ni ile ya tatu, 0.15%, yaani shilingi 120,000.

Siku ya kwanza dola inashuka 1%, umepoteza 800,000, umevuka. Jioni modeli inapanga upya: mbaya kabisa sasa ni 1%, ya pili 0.30%, ya tatu 0.20%. Mstari wa kesho ni 160,000 tu. Umepigwa laki nane na modeli imesogea elfu arobaini! Siku ya pili inashuka 0.8%, umevuka tena. Orodha sasa ni 1%, 0.8%, 0.30%, mstari unakuwa kama 240,000. Siku ya tatu inashuka 1.2%, umevuka. Orodha ni 1.2%, 1%, 0.8%, na hapo ndipo mstari unaruka mpaka 0.8%. Siku ya nne inashuka 1%, umevuka mara ya nne, mstari unafika 1%. Siku ya tano inashuka 0.6% na kwa mara ya kwanza hujavuka. Umeona? Kwa sababu mstari umekaa kwenye siku ya *tatu* kwa ubaya, modeli hii kwa maumbile yake inahitaji kupigwa mara tatu ndio iamke. Zile nne zako si ajali nne, ni ajali moja iliyohesabiwa mara nne kwa sababu modeli ni nzito kuamka.

Na hapo ile hesabu ya 4 kati ya 100 inapoteza nguvu, manake fomula ya bainomia, ile ya Eksel hapo juu, inachukulia kila siku inasimama peke yake, kwamba kuvuka leo hakusemi lolote kuhusu kesho. Wewe una ushahidi kwamba si hivyo. Ujipime kwa njia nyepesi: chukua siku 6 zilizovuka, uulize ngapi kati yake zilifuatwa na siku nyengine ya kuvuka kesho yake. Kwenye nne mfululizo tatu zilifuatwa, kwa hivyo ni 3 kati ya 6, nusu nzima, na modeli sahihi ingekuwa 1 kati ya 100 tu. Christoffersen mwaka 1998 aliitengenezea mtihani rasmi tofauti hii, ila kwa tofauti ya 50% na 1% huhitaji mtihani, macho yatosha. Idadi yako inaweza kuvumilika, mpangilio wake hauvumiliki. Hicho ndicho kitu cha kumwambia bosi.

Sasa kuhusu kuzitoa. Naelewa inatoka wapi, hata mimi naona Februari haikuwa kawaida. Lakini VaR ya 99% kazi yake yote ni zile siku zisizo za kawaida, siku za kawaida hata bila modeli mnaishi nazo. Ukifuta kila siku ya kuvuka kwa sababu haikuwa ya kawaida utabaki na modeli ambayo haijawahi kuvukwa na haijawahi kupimwa. Ziache zote 6 kwenye hesabu, halafu kando ya kila moja andika sentensi mbili tatu: hasara ilikuwa kiasi gani, mstari ulikuwa wapi, nini kilitokea. Na uandike kiasi, usiandike tu 1. Kwenye kuhesabu, siku iliyovuka kwa shilingi mia mbili na siku iliyovuka kwa shilingi laki sita na elfu themanini zote ni alama moja, na kwa duka lako hizo si siku moja kabisa.

Ya mwenzako ya 99.9%, zitapungua kweli, lakini zitapungua kwa sababu umeacha kupima. Siku 250 kwa 0.001 ni robo ya siku. Modeli nzuri ya 99.9% ina nafasi 78 kati ya 100 ya kupita mwaka mzima bila kuvukwa, kwa hivyo ukipata sifuri hujajifunza chochote, na ukipata 1 hujui ni bahati au ni ubovu. Tena na data ya siku 250 hiyo siku 1 kati ya 1000 utaitoa wapi, huna siku elfu. Mimi ningekwambia uende upande wa pili. Ubaki na 99% kwa mipaka ya duka, lakini kando yake uendeshe ya 95% kwa ajili ya kupima tu. Hapo unatarajia 12.5, na kwa mtihani uleule wa Kupiec modeli inakubalika ikiwa kati ya 7 na 19. Una siku nyingi za kutizama, na ikianza kuharibika utaiona mapema kuliko kungoja matukio mawili matatu ya mwaka. Haikwambii kila kitu kuhusu mkia wa mbali, zile hasara kubwa za nadra, hilo nakubali, lakini pale kwenye 99% huna data ya kukwambia vizuri pia.

Modeli yenyewe ningeigusa sehemu mbili. Ya kwanza ni ule upande mmoja. Kwa sarafu ambayo imetembea njia moja mwaka mzima, chukua kila badiliko la bei ulihesabu mara mbili, mara moja kama lilivyo na mara moja likigeuzwa, dola ikipanda 0.3% na ikishuka 0.3%. Siku 250 zinakuwa namba 500, na mstari wa 99% unakuwa kwenye ya tano kwa ubaya. Kwa hivyo zile siku zote za 2023 dola ilipopanda, ambazo modeli yako ilizipita kama si kitu, zingekuwa zimeuinua mstari wako kabla ya Februari. Gharama yake ni kwamba VaR itakuwa kubwa zaidi kila siku na bosi ataona mipaka imembana. Ya pili ni kuipa siku za karibuni uzito zaidi ya za zamani, njia maarufu ni ile ya RiskMetrics ya J.P. Morgan ya 1994 ambapo kila siku ukirudi nyuma uzito wake unazidishwa kwa 0.94. Modeli hiyo baada ya kushuka 1% inaamka jioni ileile, haingoji siku ya tatu. Lakini inasahau haraka vilevile, wiki chache za utulivu na mstari unarudi chini, kwa hivyo kila mshtuko mpya siku ya kwanza utakukuta umelala. Kwa duka lenye sarafu moja mimi ningeanza na ya kugeuza, ni rahisi kuielezea kwa mtu ambaye si wa hesabu, halafu nipime zote mbili kwa bektesti ileile ya siku 250 nione zile za Februari zinabaki ngapi. Usitarajie sifuri. Siku ya kwanza ya Februari hakuna modeli ya data ya nyuma ambayo ingeiona, na mtu akikuuzia modeli inayopata sifuri pale, muulize ameitengeneza kabla au baada ya Februari. Kwa siku hiyo ya kwanza unahitaji kitu chengine nje ya VaR kabisa, swali la wazi: dola ikishuka 5% wiki hii, tunapoteza milioni nne, tunaweza kusimama? Kama jibu ni hapana basi dola 500,000 ni nyingi mno, hata VaR iseme nini.

Na nikutahadharishe na mwaka unaofuata, manake utaniandikia tena. Baada ya Februari dirisha lako lilibaki na zile siku mbaya kwa siku 250 nyengine, mstari ukakaa juu, huku dola ikitulia karibu na 129 na kukaa hapo muda mrefu. Ukipima kipindi hicho utapata sifuri na bosi atasema modeli imepona. Haijapona. Sifuri pale ni mstari wa Februari ukipimwa kwa soko la utulivu. Halafu zile siku zinapotoka dirishani, siku moja tu VaR inaporomoka bila bei kufanya chochote, na unarudi kulekule ulikokuwa Januari 2024, na modeli ambayo haijaona dola ikianguka. Tarehe hiyo uiweke kwenye kalenda mapema na umwambie bosi kabla haijafika.

Fanya hivi wiki hii: safisha hasara, panga mistari, hesabu upya kwa 99% na 95%, andika maelezo ya kila siku iliyovuka. Ukimaliza na 99% ikawa 10 au zaidi, usiitengeneze peke yako kimyakimya, modeli sahihi hupata 10 kwa nafasi ya mara 3 hivi katika 10,000, hapo kuna kitu kimevunjika na anatakiwa mtu wa pili mwenye uzoefu wa riski ya soko akae na wewe mbele ya karatasi yenyewe, mstari kwa mstari, manake makosa ya aina hii hayaonekani kwa maelezo ya barua. Vilevile kama duka lina mikataba ya kununua au kuuza dola kwa tarehe za mbele, au mmeweka hizo dola kama dhamana ya mkopo wa benki, mtafute mtu kabla ya kubadilisha modeli, hapo pozisheni siyo tena dola zilizolala mara bei, na hesabu yote niliyokupa inahitaji kupanuliwa. Mkaguzi wenu wa hesabu mara nyingi anamjua mtu wa kazi hiyo, na walimu wa takwimu vyuoni hapa Mombasa wanaweza kukukagulia ile sehemu ya bainomia kwa saa moja tu, ukienda na safu zako nne zimekaa sawa: tarehe, dola za jioni, bei, VaR ya jioni.